Kopo Wazi Lisilo na Tarehe: Alama Inayosomwa Nusu

Kwenye lebo za baadhi ya chupa za sosi na makopo ya vyakula vya kupaka mkate kuna mchoro mdogo wa kopo ambalo mfuniko wake umenyanyuliwa. Ndani ya mchoro huo, au kando yake, huandikwa namba na herufi moja: 3M, 6M au 12M. Maana yake ni fupi. Chakula kilichomo kinatarajiwa kubaki katika hali yake njema kwa miezi mitatu, sita au kumi na miwili tangu siku chombo kilipofunguliwa. Herufi M ni ya neno la lugha za Ulaya lenye maana ya mwezi, na kwa bahati njema neno letu nalo linaanza na herufi hiyohiyo. Baadhi ya watengenezaji huacha mchoro na kuandika kwa maneno idadi ya siku au wiki baada ya kufungua. Kwa hiyo jicho la msomaji halina budi kwenda kwenye namba, kisha kwenye kipimo kinachoifuata, kwani wiki sita si miezi sita.

Maoni yanayotolewa hapa ni kwamba alama hii, jinsi inavyosomwa katika kaya nyingi za Mbagala, Chamazi, Tegeta na Bunju, ni taarifa ya nusu. Namba pekee haimwambii mtu lini atupe chakula. Inahitaji mambo mawili ambayo hayamo ndani ya mchoro: tarehe ya kufungua, ambayo ni mwenye nyumba tu anayeijua, na sharti la kuhifadhi, ambalo kwa kawaida huandikwa kwa herufi ndogo upande wa pili wa lebo. Likikosekana la kwanza, namba haina mahali pa kuanzia kuhesabiwa. Likivunjwa la pili, namba haina nguvu tena. Watumishi wa afya wanaofundisha jamii kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi wamefanya kazi njema, lakini somo hilo halijamfikisha mama wa nyumbani kwenye swali analokutana nalo kila siku, yaani chupa iliyokwisha kufunguliwa.

Alama ilitoka wapi

Ni vema kujua kwamba mchoro wa kopo wazi haukubuniwa kwa ajili ya chakula. Ulitokana na sheria ya vipodozi. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba vipodozi vinavyoweza kudumu zaidi ya miezi 30 kabla ya kufunguliwa vioneshe muda wa kutumika baada ya kufunguliwa, na agizo hilo likaanza kutekelezwa mwaka 2005. Ndiyo maana alama hiyo huonekana zaidi kwenye losheni, mafuta ya nywele na dawa za meno kuliko kwenye chakula. Kwa vyakula, sheria ya Ulaya ya mwaka 2011 inataka muda wa kutumia baada ya kufungua uandikwe pale inapofaa, ila haimlazimishi mtengenezaji kutumia mchoro. Baadhi ya watengenezaji wa sosi na vyakula vya kupaka wameuazima mchoro huo kwa hiari yao.

Asili hiyo inaeleza mambo mawili. Kwanza, kukosekana kwa kopo wazi kwenye chupa ya pilipili hakumaanishi kwamba pilipili hiyo haina ukomo baada ya kufunguliwa. Huenda muda umeandikwa kwa maneno, au haukuandikwa kabisa. Pili, namba iliyozoeleka kwenye kipodozi isihamishiwe kwenye chakula. Mafuta ya ngozi yenye 12M na mayonezi yenye 2M vinaweza kukaa kwenye rafu moja ya duka, lakini mayonezi ina yai, mafuta na maji, na kila kijiko kinachoingia humo huenda kimetoka kwenye sahani ya mtu.

Kinachotokea mfuniko unapofunguka

Tarehe ya mwisho iliyopigwa chapa kiwandani inahusu chombo ambacho hakijafunguliwa. Kabla ya kufunguliwa, chakula kimepashwa moto au kimetengenezwa kwa usafi, kimefungwa kisiingize hewa, na mara nyingi hewa imepunguzwa chini ya mfuniko. Mlio mdogo wa mfuniko unaposokotwa kwa mara ya kwanza ni hewa ya nje ikiingia. Kuanzia hapo hali imebadilika. Mbegu za ukungu na hamira zilizomo hewani zinatua juu ya chakula, bakteria wanaingia kwa kijiko, na oksijeni inaanza kuchachisha mafuta. Hivyo chakula kilichofunguliwa kina saa mbili zinazokwenda pamoja, ile ya kiwandani na ile ya kopo wazi. Inayofika mwisho mapema ndiyo inayotawala. Kopo wazi halirefushi kamwe tarehe ya mwisho iliyopigwa chapa.

Kasi ya uharibifu hutegemea zaidi asili ya chakula chenyewe, na kwa matumizi ya nyumbani inatosha kuvigawa vyakula hivi katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la vyakula vyenye asidi, kama sosi ya nyanya, pilipili ya chupa na sosi ya ukwaju. Siki na asidi ya matunda hushusha pH chini ya 4.6, kiwango ambacho bakteria wa sumu ya botulizimu hawawezi kukua. Ukungu na hamira, hata hivyo, huvumilia asidi, na ndivyo vinavyoziharibu sosi hizi. Kundi la pili ni la vyakula vikavu au vyenye sukari nyingi, kama siagi ya karanga na jemu. Humo maji ni machache, au yameshikwa na sukari, kiasi kwamba bakteria hawapati ya kutumia. Siagi ya karanga huharibika zaidi kwa mafuta yake kuchacha, na jemu kwa kuota ukungu juu. Kundi la tatu ni la vyakula vyenye mchanganyiko wa maji na mafuta ambavyo ulinzi wake ni mwembamba, kama mayonezi na vyakula vya kupaka vyenye maziwa au jibini. Hivi ndivyo vinavyohitaji baridi, na ndivyo ambavyo namba ya kopo wazi huwa fupi.

Namba na sharti lake

Mtengenezaji anapoandika 2M kwenye mayonezi na chini yake akaandika kwamba ihifadhiwe kwenye jokofu baada ya kufunguliwa, ametoa ahadi yenye sharti. Miezi miwili hiyo ni miezi ya jokofu. Shirika la Afya Duniani linashauri vyakula vinavyoharibika upesi viwekwe chini ya nyuzi joto 5. Katika Dar es Salaam, kati ya Desemba na Machi, mchana hufika takribani nyuzi 32, na usiku nao hubaki na joto. Chini ya paa la bati, kwenye kabati lililo karibu na jiko la mkaa, joto huzidi hapo. Katika joto la namna hiyo, bakteria walio katika chakula kinachowafaa wanaweza kuongezeka maradufu ndani ya nusu saa, ilhali katika baridi ya jokofu wengi wao karibu husimama.

Kwa hiyo kaya isiyo na jokofu haina miezi miwili ya mayonezi. Haina hata mwezi mmoja, kwa sababu hakuna namba yoyote kwenye lebo hiyo iliyoandikwa kwa ajili yake. Jambo hili lazima lisemwe waziwazi katika elimu ya afya. Mtu anaposoma 2M, akahesabu vizuri na kutupa kwa wakati, lakini akaiweka chupa kwenye kabati, amefuata alama na bado amekosea. Kosa hilo si la ujinga. Limetokana na lebo iliyotenganisha namba na sharti, moja ikichorwa kwa mchoro unaovutia jicho, jingine likifichwa katika mistari midogo ya lugha ambayo huenda mnunuzi haisomi.

Jokofu lenyewe pia lina mipaka yake. Umeme unapokatika, jokofu lililofungwa bila kufunguliwafunguliwa huhifadhi baridi yake kwa takribani saa nne. Kukatika kwa saa moja usiku, mlango ukiwa umefungwa, hakuna madhara makubwa kwa mayonezi. Kukatika kutwa nzima, huku watoto wakifungua mlango kutafuta maji, ni jambo jingine. Mlango wa jokofu, ambako chupa za sosi hupangwa kwa desturi, ndio sehemu yenye joto zaidi. Sosi ya nyanya huvumilia hapo. Mayonezi ipewe nafasi ndani, kwenye rafu ya nyuma.

Kaya moja ya mfano

Ili hesabu ionekane, na ichukuliwe kaya ya mfano huko Chamazi isiyo na jokofu. Tarehe 20 Desemba, katika maandalizi ya sikukuu, mama wa nyumba alifungua vyombo vitatu. Kwa kuwa alikuwa na kalamu ya wino usiofutika, aliandika tarehe hiyo juu ya kila mfuniko. Leo ni tarehe 10 Machi, na vyote vitatu vimebaki nusu.

Cha kwanza ni sosi ya nyanya. Alama yake inasema 6M, tarehe yake ya mwisho ni 30 Aprili, na lebo inaelekeza iwekwe kwenye baridi baada ya kufunguliwa. Mtu akihesabu miezi sita tangu 20 Desemba atafika 20 Juni. Tarehe ya kiwandani, 30 Aprili, inafika kabla, kwa hiyo hata katika jokofu ukomo ungekuwa 30 Aprili. Lakini sosi hii imekaa kabatini kwa zaidi ya wiki kumi na moja katika miezi ya joto kali kuliko yote. Kwa sosi ya nyanya yenye siki iliyowekwa nje ya jokofu, makadirio ya busara hayazidi mwezi mmoja. Huenda haijawa na sumu, ila hamira na ukungu vimepata muda wa kutosha. Inatupwa.

Cha pili ni mayonezi yenye 2M, ambayo sharti lake ni jokofu. Miezi miwili ilikwisha 20 Februari, na tangu siku ya kwanza sharti halikutimizwa. Hapa hakuna hesabu ya kufanya. Ilipaswa kutupwa muda mrefu uliopita, na tarehe ya kiwandani inayosema Oktoba haiiokoi.

Cha tatu ni siagi ya karanga yenye 3M, na lebo yake inasema tu iwekwe mahali pakavu na pa ubaridi kiasi, pasipo jua. Miezi mitatu inakwisha 20 Machi, na tarehe ya kiwandani ni ya mbali. Kwa kuwa kabati haliguswi na jua na kijiko kilichotumika kilikuwa kikavu, sharti limetimizwa. Mafuta yaliyoelea juu si dalili ya kuharibika, kwani karanga zilizosagwa hujitenga na mafuta yake zinapotulia, na kuzikoroga kunatosha. Kama haina ukungu wala harufu kali ya mafuta yaliyochacha, inaliwa, na zimebaki siku kumi za kuimaliza.

Vyombo vitatu vilifunguliwa siku moja, vikawekwa kabati moja, na kila kimoja kimepata hukumu yake. Bila tarehe iliyoandikwa juu ya mfuniko, hakuna hata moja kati ya hesabu hizi ambayo ingewezekana.

Tarehe ikisahaulika

Kaya nyingi hazijaandika tarehe, na haitoshi kuzilaumu. Mara nyingi kumbukumbu huweza kushikizwa kwenye tukio: chupa ilifunguliwa wiki ya mfungo, siku ya ugeni wa shemeji, au watoto walipofunga shule. Isipopatikana hata hiyo, ihesabiwe tangu siku ya kununua, kwa kuwa chombo hakiwezi kuwa kilifunguliwa nyumbani kabla ya siku hiyo, na hesabu hiyo hukosea kwa upande wa usalama. Kwa chakula cha kundi la tatu ambacho hakuna anayekumbuka lini kilinunuliwa wala kufunguliwa, uamuzi ni mmoja, nao ni kukitupa.

Wapo wanaosema kwamba pua na ulimi vimewatosha wahenga, na namba hizi ni mbinu ya viwanda ya kuuza zaidi. Hoja hiyo ina ukweli wa nusu. Kutupa sosi nzuri kwa sababu miezi sita imepita kwa siku mbili ni hasara isiyo na sababu, na namba hizo zimewekwa kulinda ladha na rangi kama zinavyolinda usalama. Lakini pua hutambua kuchacha na kuoza, haitambui vimelea vinavyougua watu. Mwaka 2008 na 2009 huko Marekani, siagi ya karanga ya kampuni moja iliyokuwa na bakteria wa salmonela ilihusishwa na wagonjwa zaidi ya 700 na vifo tisa. Bakteria hao hawakui ndani ya siagi ya karanga kwa kuwa ni kavu, lakini huweza kuishi humo kwa miezi mingi bila kubadili harufu wala ladha yake. Tukio hilo linaonesha pia mpaka wa alama yenyewe. Uchafuzi ulitokea kiwandani, na hakuna namba ya kopo wazi ambayo ingewaonya walaji. Vivyo hivyo sumukuvu, ambayo huingia kwenye karanga shambani na ghalani, haiondoki wala haioneshwi na alama hii. Kopo wazi huhesabu kinachotokea baada ya kufungua, na halijui lolote la kabla ya hapo.

Kwa hiyo dalili zinazoonekana zitumike kwa upande mmoja tu. Mfuniko uliovimba, sosi inayofoka au kutoa povu inapofunguliwa, harufu ya pombe, ukungu wa rangi yoyote, mayonezi iliyojitenga maji na mafuta: kimoja kati ya hivyo kinatosha kutupa, hata kama namba haijafika. Kukosekana kwa dalili hizo hakutoshi kuendelea kula baada ya namba kupita na sharti kuvunjwa. Ukungu ulioota juu ya jemu au sosi usichotwe na kutupwa peke yake, kwani nyuzi zake hushuka ndani ya chakula laini mahali ambapo jicho halifiki. Wala pasiwepo mtu wa kuonja ili kupima.

Sosi ikihama chombo

Alama ni ya chombo kilichotoka kiwandani pamoja na kilichomo. Sosi ikihamishwa, alama haiifuati. Katika vibanda vya chipsi, iwe Tandika au Tegeta, sosi ya nyanya hutolewa kwenye dumu kubwa na kujazwa katika chupa ndogo za kubinya. Chupa inapopungua huongezwa nyingine juu ya ile ya zamani, na baadhi ya wauzaji huongeza maji ili iende mbali. Kila hatua katika hizo inaondoa kitu. Kujaza juu ya mabaki kunafanya sosi ya leo ichanganyike na ya wiki iliyopita, hivyo chupa haina tena siku ya kufunguliwa. Kuongeza maji kunapunguza asidi, chumvi na sukari, yaani vitu vilevile vilivyokuwa vikiilinda, na maji yenyewe huenda hayakuchemshwa.

Hali ni hiyohiyo nyumbani mayonezi inapochanganywa na kabichi, viazi au mayai. Baada ya kuchanganywa, miezi ya lebo imekwisha papo hapo. Viazi na mayai hupunguza ukali wa siki, mikono iliyokata huweza kuacha bakteria wa stafilokokasi, na sumu yao haivunjiki hata chakula kikipashwa moto. Kwa saladi kama hiyo kipimo sahihi ni saa. Isikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na kwenye sherehe ya uwani mchana wa Januari ni bora ikae pungufu ya hapo.

Swali la kuuliza kliniki

Mhudumu anayempokea mgonjwa wa kutapika na kuhara huuliza alikula nini na lini. Sosi au mayonezi inapotajwa, kuuliza kama ilikuwa imepitwa na tarehe hakumsaidii sana, kwa sababu jibu litahusu tarehe ya kiwandani. Maswali yenye faida zaidi ni matatu: chombo kilifunguliwa lini, kilikaa wapi tangu hapo, na kilichanganywa na nini. Muda nao una la kusema. Kutapika kulikoanza kati ya saa moja na sita baada ya mlo kunaelekeza kwenye sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula, kama ya stafilokokasi. Salmonela kwa kawaida huchukua kati ya saa sita na siku chache. Hata hivyo, mhudumu asiishike sosi mapema mno. Katika maeneo yenye matatizo ya maji na vyoo, maji yasiyo salama bado ni mshukiwa mkubwa zaidi, na kuhara kwa majimaji mengi kunakomaliza nguvu upesi kunahitaji kuchukuliwa kama kipindupindu mpaka ithibitike vinginevyo.

Ushauri huu una uzito zaidi kwa mjamzito, mtoto mchanga, mzee, mgonjwa wa kisukari, anayetibiwa saratani na anayeishi na virusi vya ukimwi ambaye kinga yake imeshuka. Kwao, mayonezi iliyotengenezwa nyumbani kwa yai bichi haifai hata siku ya kwanza, na chombo chenye shaka hakistahili kufanyiwa hesabu. Kaya isiyo na jokofu inashauriwa kununua pakiti ndogo inayokwisha kwa mlo mmoja, hata kama bei ya kila gramu iko juu kidogo. Nusu kopo inayotupwa, kama ile ya Chamazi, hufuta nafuu yote ya kununua kopo kubwa.

Linalopaswa kubadilika

Mzigo huu hauwezi kuachiwa kalamu ya mama wa nyumbani peke yake. Tangu mwaka 2019, usimamizi wa usalama wa chakula na vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Hiyo ina maana kwamba kopo wazi la losheni na kopo wazi la mayonezi viko mikononi mwa chombo kimoja, na nafasi ya kurekebisha ipo. Mambo matatu yangetosha. Muda wa kutumia baada ya kufungua uandikwe kwa Kiswahili, kwa siku au miezi, karibu na mchoro. Sharti la kuhifadhi liandikwe hapohapo kwa herufi za ukubwa uleule, pamoja na neno la wazi kwa asiye na jokofu. Kisha mfuniko uwe na mstari mtupu unaosema: Kimefunguliwa tarehe.

Mstari huo hauhitaji mashine mpya wala kemikali. Unahitaji wino kidogo na uamuzi. Mpaka uwekwe, watumishi wa afya wa kata wanaweza kuufundisha kwa kipande cha plasta na kalamu katika kliniki ya mama na mtoto: siku unayofungua, andika, siku namba inapokwisha, au sharti linapovunjika, tupa.